Wesikoti, jileti, pafa au jaketi la kukata mikono: jinsi ya kujua umeshika nini

Swali hili halichoki kurudi. Mtu anatuma picha ya vazi lisilo na mikono anauliza "hii ni wesikoti au ni nini, na naweza kuivaa na suti?" na majibu yanakuja ya kila aina, kwasababu wengi wetu chochote kisicho na mikono tunakiita kizibao au hafukoti tunaendelea na maisha. Sawa tu, mpaka siku umeambiwa uje na suti ya vipande vitatu alafu ukatokea na kitu chenye zipu na sponji ndani. Au umeagiza wesikoti mtandaoni, unafungua mzigo unakuta jaketi la baridi.

Kwahiyo huu ni mwongozo wa kushika vazi mkononi na kulijua, hatua kwa hatua. Majina nitakayotumia ni manne. Wesikoti ni kile kizibao cha suti, kinachovaliwa juu ya shati na chini ya koti. Jileti ni cha kuongeza joto kidogo, chembamba, kinakaa juu ya shati au sweta. Pafa ni lile lililovimba, limejazwa manyoya au sponji ya nyuzi. Na jaketi la kukata mikono ni jaketi kamili kwa kila kitu, kola, mifuko, urefu, ila mikono haikuwekwa.

Kabla hujaanza

Tafuta mwanga mzuri, dirishani au tochi ya simu. Uwe na shati lako la kola na suruali unayovaa nayo siku zote, kama una koti la suti lilete pia. Tepu ya kupimia inasaidia ila sio lazima. Kama vazi hunalo mkononi na unaangalia picha tu, mwombe muuzaji picha tatu: mgongo, ndani likiwa limefunguliwa, na ile lebo ndogo ya kufulia iliyoshonwa ubavuni. Picha ya mbele peke yake haitoshi, utaona kwanini hapo chini.

Hatua ya 1: Geuza uangalie mgongo

Kila mtu anaanza na mbele, anahesabu vifungo, anaangalia kola, hapo ndo anapopotea. Anza na mgongo.

Wesikoti ya suti mbele imeshonwa kwa kitambaa cha suti, sufu au mchanganyiko wake, lakini mgongo mara nyingi ni kitambaa cha kuteleza chenye kung'aa kidogo, kilekile cha bitana. Sababu ni kwamba mgongo wa wesikoti haukukusudiwa kuonekana, unakaa chini ya koti, na kitambaa laini kinaliacha koti liteleze juu yake bila kukwama. Alafu angalia usawa wa kiuno, utakuta kamba mbili fupi zimekutana kwenye bizimu ndogo ya chuma. Hiyo ni ya kubana kiuno vazi likukae. Ukiona mgongo wa kuteleza na bizimu kwa pamoja, asilimia kubwa ya kazi umeshamaliza, hiyo ni wesikoti.

Jileti, pafa na jaketi la kukata mikono zote mgongo wake ni kitambaa kilekile cha mbele, au angalau kitambaa cha nje cha kweli, kwasababu zenyewe ndo zinazokaa juu kabisa na watu wataziona nyuma.

Tahadhari moja tu: kuna wesikoti zenye mgongo wa kitambaa kilekile cha mbele, hasa zile nzito za twidi na zile zilizotengenezwa zivaliwe bila koti. Kwahiyo mgongo wa kuteleza unathibitisha wesikoti, lakini kukosekana kwake hakukanushi. Endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Fungua uangalie bitana

Lifungue lote, lilaze mezani ndani ikiangalia juu.

Kwenye wesikoti utaona bitana ya kuteleza imefunika ndani yote, na pembeni kabisa kuzunguka kwenye vifungo na shingoni kuna ukanda wa kitambaa cha nje uliokunjwa kuingia ndani, upana wa vidole vitatu vinne hivi. Bonyeza ule upande wa vifungo kwa dole gumba, utahisi kitu kigumu kidogo katikati, ni kitambaa kikavu cha kusimamisha mbele ili isilegee. Hakuna kitu cha joto humo, ni cha umbo tu.

Jaketi la kukata mikono lililoshonwa vizuri nalo lina bitana kamili, kwahiyo hapa watu huchanganya. Tofauti yake ni mifuko. Jaketi karibu kila mara lina mfuko wa ndani kifuani wa kutosha simu au pochi, na mifuko ya nje unaingiza kiganja chote. Mifuko ya wesikoti ni midogo, miwili au minne, imechanwa tu na kuwekewa ukingo mwembamba, ukiingiza vidole vinaishia kwenye fundo la pili. Ile ya chini ilikuwa ya saa ya mnyororo, ndo maana haikutengenezwa kwa kubeba mizigo.

Jileti zenyewe kwa zenyewe zinatofautiana sana. Za flisi, kile kitambaa laini chenye vinyweleo, mara nyingi hazina bitana kabisa, unaona upande wa nyuma wa kitambaa chenyewe. Za kushonwa misalaba zina bitana ya poliesta iliyoshonwa pamoja na kitambaa cha nje, yaani mistari ya uzi unayoiona nje unaiona na ndani palepale. Ukijaribu kuvuta bitana peke yake haiji.

Hatua ya 3: Finya katikati

Shika ubavu wa vazi kati ya dole gumba na cha shahada, sugua.

Vitambaa viwili vikiteleza kimoja juu ya kingine na hakuna kitu kati yake, upo kwenye wesikoti au jaketi la kukata mikono. Ukihisi tabaka jembamba, sawa kila mahali, kama milimita chache tu, hiyo ni jileti. Na vidole vikizama alafu ukiachia panavimba tena, hiyo ni pafa.

Pafa pia inajulikana kwa macho, ina mistari ya kulala, vile vyumba vimevimba kama godoro lililofungwa kamba. Hiyo mishono sio urembo. Bila hiyo manyoya yote yangeshuka chini yakabaki kwenye pindo na kifua kingebaki kitupu. Pafa nene vyumba vyake ni vipana, pafa nyembamba mistari imekaribiana, na hizi nyembamba ndo zinazogombana na jileti kwa jina. Mimi nazigawa kwa kufinya: kikirudi kuvimba chenyewe ni pafa, kikibaki bapa ni jileti. Muuzaji anaweza kuandika anachotaka.

Ukitaka kujua pafa imejazwa nini, ifinye kwa ngumi sekunde kama kumi uachie. Manyoya laini ya bata yanarudi polepole na kwa usawa, na ukipapasa kwa makini utakuta vijiti vidogo vinachomachoma hapa na pale, ni mashina ya manyoya. Sponji ya nyuzi za poliesta inarudi haraka na haichomi, ila ya zamani ikishafuliwa sana inakaa mabonge. Lebo inasema pia. Ukiona 90/10 maana yake sehemu 90 ni manyoya laini yasiyo na mashina na 10 ni manyoya ya kawaida yenye mashina. Namba za mamia kama 600 au 800 zinaeleza manyoya yanavyovimba, namba ikipanda joto lilelile linapatikana kwa uzito mdogo zaidi. Hiyo namba haisemi yamewekwa mengi kiasi gani, kwahiyo pafa nyembamba ya 800 inaweza kuwa baridi kuliko nene ya 600.

Hatua ya 4: Angalia kwapa na bega

Hatua hii watu wanairuka na ndo inayomaliza ubishi kati ya wesikoti na jaketi la kukata mikono.

Wesikoti bega lake ni jembamba na kwapa limekatwa kwa ndani, mkono ukiingia panakaa karibu na mwili, ili koti likivaliwa juu kusiwe na kitu kinachotokeza begani. Jaketi la kukata mikono bega lake linafika mpaka mwisho wa bega lako au linapita kidogo, mara nyingine lina pedi, na kwapa ni pana kwasababu linatarajia shati nene au sweta ndani. Livae juu ya shati kisha jaribu kuvaa koti la suti juu yake. Koti likikaa bila kupanda mabega, wesikoti. Likijikunja na wewe unaonekana umebeba kitu begani, ni jaketi.

Urefu nao: wesikoti inaishia inapofunika mkanda wa suruali, sentimita mbili tatu chini yake, na mbele mara nyingi ina ncha mbili. Jaketi linashuka mpaka nyonga au zaidi, na la kike linaweza kufika magotini kabisa.

Hatua ya 5: Sasa ndo uangalie vifungo na zipu

Nimeiweka mwisho makusudi. Kifungio kinadanganya kuliko vitu vyote kwasababu ni rahisi kubadilisha, kiwanda kinaweza kuweka vifungo vya suti kwenye jileti ili ionekane ya heshima na wanafanya hivyo kila msimu.

Cha uhakika ni upande mmoja tu: zipu inaitoa wesikoti ya suti kwenye hesabu. Vifungo haviiingizi. Wesikoti ya safu moja ina vifungo vitano au sita, na cha mwisho chini kinaachwa wazi, huo ni utaratibu na nyingi zimekatwa hivyo, ukikifunga kitambaa kinajivuta. Ya safu mbili unafunga vyote vinavyofungika. Jileti ina zipu au vile vifungo vya chuma vya kubonyeza. Pafa ni zipu karibu kila mara, na nyuma ya zipu kuna ulimi wa kitambaa wa kuzuia upepo. Jaketi la kukata mikono linaweza kuwa na chochote, vifungo vikubwa, mkanda wa kufunga kiunoni, au halifungwi kabisa.

Hatua ya 6: Lipe nafasi yake kwenye urasmi

Juu kabisa kuna wesikoti ya kitambaa kimoja na suti. (Zile za sherehe za usiku, nyeupe ya pamba yenye vinundu au nyeusi iliyokatwa chini sana kifuani, zina kanuni zake kali, na hazivaliwi na suti ya kawaida.) Chini yake kuna wesikoti ya rangi au kitambaa tofauti na suti, twidi kwa mfano, bado tai inakubali. Alafu jaketi la kukata mikono lenye bitana na kola ya suti, hili ni la ofisini na linajitegemea, haliko chini ya koti lolote. Linafuata jileti jembamba la sufu au la kushonwa misalaba, rangi tulivu, unaweza kuvaa na shati la kola na ofisi nyingi hawatasema kitu. Flisi iko chini ya hapo. Pafa iko chini kabisa, na inayong'aa ni chini ya isiyong'aa. Jaketi la jinzi la kukata mikono liko hukohuko chini hata kama lina kola na vifungo vizuri, kitambaa ndo kinaamua.

Sheria ninayotumia mimi: kadri vazi linavyofanya kazi ya joto, ndivyo urasmi unavyoshuka. Wesikoti haikupi joto la maana, na hilo ndo linaifanya iwe ya suti.

Mfano mmoja tuupitie wote

Kuna vazi moja linauzwa kwa jina la "wesikoti ya kiume" na picha yake inazunguka sana. Bluu iliyokoza, shingo ya V, vifungo vitano mbele, mishono ya misalaba inayotengeneza maumbo ya almasi. Kwenye picha ya mbele amevalishwa mwanamitindo na shati jeupe na tai. Ukiona hivyo unasema ni wesikoti, kwishnei.

Geuza mgongo: kitambaa kilekile cha nailoni, almasi zilezile, hakuna bizimu, na nyuma imeshuka kidogo kuliko mbele. Fungua: bitana ya poliesta imeshonwa pamoja na nje, kila almasi ya nje ina almasi ya ndani, huwezi kuitenganisha. Mifuko miwili mikubwa, kiganja chote kinaingia. Finya: tabaka jembamba sawasawa, ukiachia halivimbi. Kwapa pana. Ubavuni chini kuna mpasuko mdogo wenye kifungo cha kubonyeza, wa kukupa nafasi ukikaa au ukiwa na sweta ndani. Na vile vifungo vitano ukivisogelea ni vya kubonyeza, vimevishwa kofia ya plastiki yenye matundu manne ya uongo.

Hiyo ni jileti. Ni nzuri tu, na shati na sweta nyembamba inapendeza, hata chini ya koti refu la baridi inakaa. Lakini usiiweke chini ya koti la suti ukaiita kipande cha tatu, ile nailoni itang'aa karibu na sufu na kifua kitajaa. Kuna jaribio rahisi la mwisho, mtu akivua koti ofisini, wesikoti inabaki kuwa sehemu ya suti, jileti inaonekana kama mtu anayejiandaa kutoka nje.

Makosa yanayojirudia

Kununua pafa ndogo ili "ikae kama wesikoti". Pafa ikibanwa manyoya hayavimbi, na joto linatokana na hewa iliyoshikwa kwenye huo uvimbe, kwahiyo umelipia joto alafu umelikandamiza. Kinyume chake, wesikoti inatakiwa ikae mwilini, ikilegea begani ukaacha nafasi haitengenezeki kwa bizimu, bizimu ni ya kiuno tu.

Kupiga pasi bila kujua umeshika nini. Wesikoti ya sufu inapigwa pasi kupitia kitambaa chenye unyevu. Nailoni ya pafa na jileti inayeyuka, na ile alama ya pasi haitoki.

Kuvaa wesikoti na suruali inayokaa chini ya kiuno. Shati linachungulia katikati, na hapo watu wanailaumu wesikoti kuwa ni fupi wakati tatizo ni suruali.

Ukikwama

*Mbele ni pafa, ubavuni na mgongoni ni flisi au kitambaa cha kuvutika.* Ni mchanganyiko wa mazoezi, mbele inazuia upepo nyuma inapumua. Iweke na jileti kwa matumizi.

*Ina mistari ya pafa lakini ukifinya hakuna kitu.* Mishono ya urembo, au kilichokuwa ndani kimeshuka chote. Papasa pindo la chini, ukikuta mabonge basi ilikuwa pafa imekufa. Ukikuta patupu pia haikuwahi kuwa pafa.

*Imefumwa kwa uzi.* Hiyo ni sweta isiyo na mikono, hata ikiwa na vifungo. Haina bitana, haina kile kigumu cha mbele, na inavutika ukiivuta. Chini ya koti la suti inakubali, ila ni nafasi ya sweta.

*Mgongo hauna kitambaa, ni kamba tu shingoni na kiunoni.* Bado ni wesikoti, ya sherehe, imepunguzwa mgongo ili isikuletee joto. Usivue koti tu.

*Jaketi la kukata mikono lakini kwapani kuna meno ya zipu yamefichwa chini ya mkunjo.* Hilo ni jaketi la kawaida ambalo mikono inatoka, na mikono yake imebaki mahali. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

*Lebo ya kufulia imekatwa.* Rudi hatua ya 3, vidole vinatosha kwa aina ya vazi. Kama ni nguo ya kuvimba na hujui imejazwa nini, ifue kama ya manyoya, maji yasiyo moto, sabuni kidogo, suuza sana, na ikauke kabisa mpaka katikati ya kila chumba, maana manyoya yakibaki mabichi yananuka na kushikana.